Waya Mweusi Unaelekea Wapi: Sensa za NPN na PNP kwenye Maingizo ya Kidhibiti

Ingizo la kidijitali la kidhibiti cha mashine, ambacho mafundi wengi hukiita PLC, linasoma kitu kimoja tu: mkondo wa umeme. Mkondo ukipita, programu inaona 1. Usipopita, inaona 0. Ndani ya kila ingizo mna rezista na taa ndogo sana isiyoonekana kwa nje. Mkondo unapopita taa hiyo huwaka, na mwanga wake huangukia transista iliyo ng'ambo ya kizuizi cha kuhami umeme. Transista hiyo ndiyo inayopeleka habari kwa prosesa. Kwa mpango huu, umeme mbaya unaotoka kwenye mashine hauna njia ya moja kwa moja ya kufika kwenye prosesa.

Taa hiyo ina ncha mbili. Ncha moja inatokea kwenye skrubu ya ingizo lenyewe, iliyoandikwa kwa mfano I0.0 au X0. Ncha ya pili imeunganishwa na ncha za maingizo mengine ya kundi lake, na zote zinatokea kwenye skrubu moja ya pamoja. Kwenye Siemens S7-1200 skrubu hiyo imeandikwa 1M; kwenye Mitsubishi FX3U imeandikwa S/S. Vidhibiti vyote viwili vinakubali mkondo uende upande wowote, kwa hiyo anayefunga waya ndiye anayeamua mwelekeo, na anaamua kwa skrubu hiyo moja ya pamoja.

Akiifunga kwenye volti 0, mkondo utaingia kupitia skrubu ya ingizo, utapita kwenye taa, kisha utatokea kwenye skrubu ya pamoja kurudi hasi. Ingizo la namna hiyo linameza mkondo. Akiifunga kwenye volti 24 chanya, safari inageuka: mkondo unaanzia kwenye skrubu ya pamoja, unapita kwenye taa, kisha unatoka kwa skrubu ya ingizo kutafuta volti 0 huko nje. Hilo ni ingizo linalotoa mkondo. Taa ni ileile na programu ni ileile. Kinachobadilika ni kile ambacho kifaa cha nje kinatakiwa kufanya: kwa ingizo linalomeza, kifaa lazima kilete volti 24, kwa ingizo linalotoa, kifaa lazima kilete volti 0.

Fundi wa umeme wa majumbani ameshaliona jambo hili kwenye balbu. Swichi ikikaa upande wa waya wa moto, balbu inawaka na kuzimika. Ikikaa upande wa waya wa nyutro, balbu bado inawaka na kuzimika vilevile. Balbu haijali swichi iko upande gani, mradi mzunguko ukamilike. Anayepaswa kujali ni mtu atakayeigusa holda huku akidhani swichi imekata umeme.

Sensa ya ukaribu yenye waya tatu ni swichi ya aina hiyo, ila ndani yake hakuna kipande cha chuma kinachogusana na kingine. Ile ya kutambua metali ina koili kichwani inayotengeneza uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi. Metali ikisogea karibu, uga huo unapungukiwa nguvu, saketi ya ndani inagundua, na transista ya mwisho inafunguka ili mkondo upite. Sensa ya kawaida yenye mwili wa skrubu ya milimita 18, iliyozamishwa mpaka usawa wa bati, huona chuma kwa umbali wa milimita 5 hivi. Aluminiamu na shaba huonwa kwa umbali mfupi zaidi.

Rangi za waya zimewekwa na kiwango cha kimataifa IEC 60947-5-2, na watengenezaji wengi wanazifuata. Wa kahawia ni wa chanya, wa buluu ni wa hasi, na mweusi ndio waya wa ishara. Sensa yenye plagi ya M12 hutumia pini 1 kwa kahawia, 3 kwa buluu na 4 kwa mweusi. Waya wa kahawia na wa buluu huilisha sensa yenyewe umeme wa volti 24, na huo hautegemei kama metali ipo au haipo. Mambo yote ya NPN na PNP yako kwenye waya mweusi.

Katika sensa ya PNP, transista imekaa kati ya waya wa kahawia na mweusi. Sensa ikiona metali, mweusi unaunganishwa na chanya, na mkondo unatoka kwenye sensa. Katika sensa ya NPN, transista imekaa kati ya mweusi na buluu. Sensa ikiona metali, mweusi unaunganishwa na hasi, na mkondo unaingia kwenye sensa. Wakati sensa haioni kitu, mweusi haujaunganishwa na upande wowote, unaning'inia. Hapo ndipo wengi hujikwaa, kwa kudhani kwamba sensa ya NPN isipoona metali hutoa volti 24. Haitoi. Volti 24 zinazosomwa kwenye waya huo hutoka kwenye ingizo la kidhibiti, kupitia taa yake ya ndani.

Kuanzia hapo ndoa zenyewe zinajipanga. Mtoaji humhitaji mmezaji. PNP hutoa, kwa hiyo huenda kwenye ingizo linalomeza: kahawia kwenye volti 24, buluu kwenye volti 0, mweusi kwenye I0.0, na skrubu ya pamoja kwenye volti 0. NPN humeza, kwa hiyo huenda kwenye ingizo linalotoa: kahawia kwenye volti 24, buluu kwenye volti 0, mweusi kwenye I0.0, na skrubu ya pamoja kwenye volti 24. Ukilinganisha sentensi hizo mbili utaona kwamba waya tatu za sensa zinakwenda mahali palepale katika hali zote mbili. Tofauti ni skrubu ya pamoja peke yake. Ndiyo maana anayeikagua sensa na kebo yake asubuhi nzima hatalipata kosa: kosa liko kwenye kidhibiti, kwenye kipande cha waya chenye urefu wa kidole.

Vitabu vya maelekezo vyenyewe huchangia mkanganyiko. Siemens wakiandika SINK kwenye S7-1200, wanazungumzia ingizo: skrubu ya M imefungwa kwenye hasi, na sensa inayofaa ni PNP. Mitsubishi wakiandika SINK kwenye FX3U, wanamaanisha S/S imefungwa kwenye volti 24 na sensa inayofaa ni NPN, kwa sababu kwao anayemeza ni kifaa cha nje. Neno moja, waya kinyume. Kwa hiyo anayefunga waya asilitegemee neno. Aangalie mchoro, afuate mshale wa mkondo kutoka volti 24 hadi volti 0, na ahakikishe kwamba njiani unapita kwenye ingizo na kwenye sensa, moja baada ya nyingine. Mkondo ukiwa na njia hiyo, jina lolote linafaa.

Chukua mashine ya kufungashia unga wa mahindi katika pakiti za kilo 1, iliyotengenezwa Asia, ambako sensa za NPN ni za kawaida. Ina sensa mbili. Moja inaona kipande cha chuma kwenye taya ya kuchomea pakiti, kujua kama taya imefunga; nyingine inahesabu meno ya gurudumu la kuvutia nailoni. Kuna pia kitufe cha kuwasha na kitufe cha kusimamisha. Kidhibiti cha zamani kimekufa, na mahali pake pamewekwa S7-1200 aina ya CPU 1214C. Fundi ameufuata mchoro wa kwanza kitabuni: 1M kwenye M, yaani kwenye volti 0. Sensa zinalishwa na umeme wa kidhibiti chenyewe, kutoka L+ na M, ambao unaweza kutoa hadi miliampea 400. Sensa mbili hazifiki hata sehemu ya kumi ya hapo.

Mashine inawashwa. Taya inafunga, na taa ya manjano iliyo kwenye mgongo wa sensa inawaka vizuri. Lakini taa ya I0.0 kwenye kidhibiti haiwaki. Fundi anabadilisha sensa kwa mpya ya namba ileile, hali haibadiliki. Hiyo ndiyo dalili kuu ya polariti isiyolingana: sensa inaona, kidhibiti hakioni, na hakuna kilichoungua. Kilichotokea ni kwamba skrubu ya pamoja iko kwenye volti 0, na sensa nayo, ikiona metali, inauleta waya mweusi kwenye volti 0 hiyohiyo. Ncha zote mbili za taa ya ndani ziko kwenye hasi, kwa hiyo hakuna cha kuusukuma mkondo. Multimita ikiwekwa kati ya I0.0 na 1M inasoma karibu 0, metali ikiwepo au isiwepo. Ingekuwa sensa ya PNP iliyofungwa kwenye ingizo linalotoa, hadithi ingekuwa ileile, ila ncha zote mbili zingekuwa kwenye volti 24.

Kuna sensa zinazoleta dalili ya kupotosha zaidi. Baadhi ya NPN zina rezista ndani yake kati ya kahawia na mweusi, kwa mfano ya omu 10,000. Ingizo la S7-1200 huchukua takriban miliampea 4 kwa volti 24, maana yake lina ukinzani wa takriban omu 6,000. Sensa ya namna hiyo ikifungwa kwenye ingizo linalomeza, mkondo wa miliampea 1.5 hivi utapita wakati hakuna metali, na ingizo litapata karibu volti 9. Kidhibiti hiki kinahakikisha kusoma 1 kuanzia volti 15 na miliampea 2.5, na kusoma 0 kwa volti 5 na miliampea 1 kushuka chini. Volti 9 ziko katikati, mahali ambapo hakuna ahadi. Ingizo linaweza kusoma vizuri leo na kuyumba kesho, na ishara ikisomeka inakuja kinyume.

Tukirudi kwenye mashine ya unga, kabla ya kugusa skrubu ya pamoja inafaa kuthibitisha aina ya sensa, hasa kama lebo imefutika. Sensa inafunguliwa kwenye kidhibiti na kulishwa volti 24, kisha rezista ya omu 4,700 inaunganishwa kati ya mweusi na buluu. Multimita inawekwa juu ya rezista hiyo. Metali ikisogezwa, sensa ya PNP itaonyesha volti zinazoruka kutoka 0 hadi karibu 22 au 23. Isipotokea kitu ingawa taa ya sensa imewaka, rezista inahamishiwa kati ya mweusi na kahawia. Volti zikiruka hapo, sensa ni NPN. Rezista si ya kurukwa katika jaribio hili. Bila hiyo waya mweusi unaning'inia, na multimita inaweza kuonyesha volti za uongo. Kosa baya zaidi ni kuugusisha mweusi moja kwa moja kwenye chanya au hasi ili "kuona kama unafanya kazi". NPN ikifunguka huku mweusi umeshikwa na chanya, transista inabeba shoti nzima ya umeme. Sensa nyingi za sasa zina kinga ya shoti, lakini si zote, na bei ya chini mara nyingi ni dalili kwamba kinga hiyo haimo.

Sensa zote mbili zimeonekana kuwa NPN. Fundi anaitoa 1M kwenye M na kuifunga kwenye L+. Taa ya I0.0 sasa inawaka taya inapofunga. Multimita kati ya I0.0 na M inasoma karibu volti 24 wakati hakuna metali, na volti 1 au 2 metali inapofika. Hizo chache zinazobaki ni zile zinazopotelea ndani ya transista ya sensa. Volti 22 zilizobaki zinaangukia kwenye ingizo, juu kabisa ya zile 15 zinazohitajika. Usomaji huu humshtua mtu aliyezoea PNP, kwa sababu volti zinashuka wakati programu inaonyesha 1. Hakuna kilichoharibika. Anayetaka kuona namba zinazokubaliana na programu aweke waya mmoja wa multimita kwenye skrubu ya pamoja na mwingine kwenye ingizo.

Lakini vitufe vimekufa. Kitufe cha kuwasha na cha kusimamisha vilikuwa vimefungwa vikichukua volti 24 na kuzipeleka kwenye I0.2 na I0.3. CPU 1214C ina maingizo 14, na yote yanashirikiana skrubu moja ya 1M. Huwezi kuyafanya mawili yatoe na mengine yameze. Skrubu ya pamoja ilipohamia chanya, vitufe navyo vilitakiwa vihame: upande uliokuwa unachukua volti 24 sasa uchukue volti 0. Hii ni kazi ya dakika chache, ila isipofanywa fundi atadhani ameharibu kidhibiti.

Kosa lingine linalofanana na hili kwa dalili hutokea pale sensa inapolishwa na pawasapulai yake tofauti. Polariti inaweza kuwa sahihi kabisa, lakini kama volti 0 za pawasapulai hizo mbili hazijaunganishwa, mkondo unaotoka upande mmoja hauna njia ya kurudi nyumbani. Waya mmoja wa kuunganisha hasi na hasi humaliza tatizo. Chanya na chanya haziunganishwi.

Kwa kuwa mpango wa NPN na mpango wa PNP vyote vinafanya kazi, mtu anaweza kuuliza kwa nini viwanda vya Ulaya vinashikilia PNP. Sababu iko kwenye ardhi. Katika mashine nyingi volti 0 imefungwa kwenye mwili wa mashine na kwenye waya wa ardhi. Kebo ikichubuka na waya mweusi kugusa mwili wa mashine, waya huo umepata volti 0. Kwa ingizo linalomeza, volti 0 inasomeka kama 0: sensa inaonekana haioni kitu, na ikijaribu kutoa umeme, kinga yake au fyuzi inakata. Kwa ingizo linalotoa, volti 0 ndiyo ishara yenyewe. Kidhibiti kitasoma kwamba taya imefunga wakati iko wazi, labda na mkono wa mtu ukiwa ndani.

Kitufe cha kusimamisha kinadhihirisha hatari hiyo vizuri zaidi. Kwa kawaida kitufe hicho hufungwa ili kiwe kimegusana wakati wote na kiachane kinapobonyezwa, ili waya ukikatika mashine isimame. Kwenye ingizo linalotoa, kitufe kinauleta waya kwenye volti 0. Waya huo ukigusa mwili wa mashine, ingizo litaendelea kusoma 1 hata kitufe kikibonyezwa mpaka kivunjike. Kiwango cha IEC 60204-1 kinataka hitilafu ya ardhi isiwashe mashine bila kukusudiwa wala isizuie kusimama kwake, na mpango huu ukiachwa peke yake hautimizi hilo. Katika mashine ya unga tuliyoieleza, kusimamisha kwa dharura hakupaswi kupitia ingizo la kawaida hata kidogo. Kitufe chake kikate umeme wa kontakta ya mota chenyewe, kupitia saketi ya usalama, na kidhibiti kipewe taarifa tu.

Inabaki hali ambapo kundi moja lina sensa za aina zote mbili: nne ni PNP, na dukani imepatikana ya tano ambayo ni NPN. Njia inayosimuliwa sana ni kuweka rezista ya omu 2,200 kati ya volti 24 na waya mweusi wa NPN, skrubu ya pamoja ikibaki kwenye volti 0. Sensa isipoona kitu, mkondo unapita kwenye rezista na kuingia kwenye ingizo: jumla ya ukinzani ni kama omu 8,200, mkondo ni miliampea 2.9, na ingizo linapata volti 17.6. Inatosha kusoma 1, ingawa si kwa wingi. Sensa ikiona metali, inauvuta mweusi mpaka karibu na volti 0 na ingizo linasoma 0. Rezista hapo inapoteza robo ya wati na ziada kidogo, kwa hiyo inunuliwe ya nusu wati. Hesabu inakubali, lakini ishara imegeuka kinyume, na programu lazima iandikwe kwa kulijua hilo. Mbaya zaidi, sensa ikikatika waya wa buluu, kidhibiti kinasoma hali ileile ya "hakuna metali" na hakuna anayejua.

Rilei ndogo ya volti 24 ni safi zaidi. Koili yake inafungwa kati ya kahawia na mweusi wa sensa ya NPN, pamoja na dayodi ya kuzuia mrudisho wa koili, na mgusano wake unapeleka volti 24 kwenye ingizo. Ishara haigeuki, na anayekuja kurekebisha baadaye anaelewa anachokiona. Lakini rilei ni chuma kinachosogea, na kila kusogea kunachukua milisekunde kadhaa. Kwa sensa ya taya inatosha. Kwa sensa inayohesabu meno ya gurudumu haitoshi, kwa sababu itaruka meno mashine ikienda kasi na migusano yake itachakaa mapema. Hapo inunuliwe sensa ya aina inayolingana na nyingine.

Anayenunua sensa ya kubadilisha asiishie kwenye kipenyo na umbali wa kuona. Aandike pia herufi tatu zilizo kwenye lebo ya ile ya zamani, NPN au PNP, na aangalie skrubu ya pamoja imefungwa kwenye volti gani kabla ya kwenda dukani.